Printa inakataa katriji iliyojazwa wino au ya kampuni nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mbeya, Iringa na Njombe

Ukurasa huu unahusu zaidi katriji ndogo zenye kichwa cha kuchapia ndani yake, kama HP 123, HP 652 na Canon PG-445 na CL-446. Hizo ndizo zinazojazwa sana kwenye steshenari zetu, na ndizo zinazozua maswali mengi. Katriji zenye chipu tu zina sehemu yake hapo chini.

## Kuelewa tatizo

Printa inaposema haitambui katriji, inamaanisha nini hasa?

Ujumbe ni mmoja, ila sababu ni nne tofauti, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza, printa haipati mawasiliano na katriji kabisa: vidoti vya shaba vimechafuka, au pini za printa hazivigusi. Ya pili, inaipata lakini inaisoma kuwa mbovu, kwa sababu kichwa kimeungua au umeme unavuja ndani yake. Ya tatu, inaisoma vizuri na kukuta ni ya aina au ya ukanda mwingine wa dunia. Ya nne, inakuta chipu isiyo ya mtengenezaji wa printa, na programu ya ndani ya printa imeagizwa kuikataa.

Wateja wengi hufikiri ni hiyo ya nne, kwamba kampuni imefunga. Kwa HP 123 au PG-445 iliyojazwa wino upya, mara nyingi sivyo. Ganda, kichwa na sakiti bado ni vya kampuni yenyewe. Kilichobadilika ni wino tu, na printa haina namna ya kuuonja wino. Kwa hiyo anza na usafi na umeme kabla ya kulaumu kampuni.

Printa inaitambuaje katriji?

Geuza HP 123 uiangalie mgongoni. Utaona utepe mwembamba wenye vidoti vya rangi ya shaba, unaoshuka hadi kwenye kichwa kilichopo chini. Ukiiingiza kwenye kibebeo na kusikia mlio wa kukaa, kila kidoti hugusana na pini yake ndani ya printa. Printa hupitisha umeme mdogo, husoma utambulisho ulioandikwa ndani ya kichwa, hupima joto lake, kisha huangalia kama kuna njia zilizokatika au zilizogusana. Jambo moja likienda kombo, printa husimama.

Katriji za aina ya pili, kama HP 953 au zile za Epson zenye matangi ya rangi mojamoja, hazina kichwa. Kichwa kimo ndani ya printa, na katriji ni tangi la wino lenye chipu ndogo ubavuni. Hapo printa huongea na chipu tu.

Printa inasema wino umeisha wakati nimejaza. Hiyo nayo ni kutotambuliwa?

Hapana, na kuchanganya mambo haya mawili hupoteza muda na hela. Printa haipimi wino uliomo. Huhesabu matone iliyorusha na kukumbuka katriji ipi imefika mwisho. Ukijaza na kurudisha ileile, hesabu inabaki palepale.

Kwa HP za aina ya 123, ujumbe wenye maneno kama `used` au `refilled` ni taarifa tu: bonyeza `OK` au `Continue`, itachapa. Kwa Canon nyingi ndogo utaona `E13` au `E16`. Shikilia kitufe cha `Stop` kwa sekunde 5 au zaidi kisha achia. Printa itaacha kufuatilia kiwango cha wino kwa katriji hiyo na kuendelea na kazi. Baada ya hapo ni jukumu lako kuangalia wino usikauke, kwa sababu ambayo utaiona kwenye swali la kichwa kuungua.

## Hatua za kwanza

Nianze na nini kabla sijampelekea fundi?

Fuata mpangilio huu, maana kila hatua inaondoa shaka moja.

Zima printa kwa kitufe chake, chomoa waya ukutani, subiri dakika moja, kisha irudishe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani badala ya ekstensheni. Wakati mwingine inatosha.

Kama ni HP inayoruhusu kuchapa kwa katriji moja, kama DeskJet 2130, toa nyeusi, funga mlango, uone. Ujumbe ukitoweka, nyeusi ndiyo mbovu. Ukibaki, irudishe na utoe ya rangi. Jaribio hili la dakika mbili ndilo bora kuliko yote, kwa sababu taa za printa zinaweza kukuchanganya kuhusu katriji ipi ina tatizo. Canon hazikubali njia hii. Zinataka katriji zote mbili ziwemo.

Kisha itazame katriji yenyewe. Je, utepe wa plastiki wa kuzibia kichwa umetolewa? Katriji iliyorudi kutoka kujazwa mara nyingi huwa na selotepu, na selotepu ikifika kwenye vidoti, printa haioni kitu. Angalizo: toa plastiki tu. Wapo wanaobandua na ule utepe wa shaba wakidhani ni kifungashio. Ukishabanduka, katriji hiyo imekufa.

Nasafishaje vidoti vya shaba bila kuviharibu?

Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Haya huuzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kama maji ya betri. Hakikisha chupa ni ya maji ya kuongezea na siyo asidi, kwa sababu mara nyingi hukaa rafu moja. Lowesha kidogo, kamua, futa vidoti kuanzia juu kushuka bila kugusa kichwa, ili usisambaze wino. Rudia kwa upande safi wa kitambaa hadi kisitoke na rangi. Tishu na toilet pepa hazifai. Huacha nyuzi ambazo baadaye hukwama kwenye pini.

Printa ikiwa imechomolewa umeme, futa na pini za ndani ya kibebeo. Hapa ndipo wengi huacha kazi nusu: wino uliochafua katriji umeshapaka na pini, na katriji nyingine yoyote utakayoweka itakataliwa vilevile. Acha vikauke dakika 10 kabla ya kurudisha.

Nimesafisha, ikakubali, baada ya kurasa chache ikakataa tena. Kwa nini?

Kwa sababu wino bado unavuja na unavifikia vidoti upya. Umesafisha dalili, chanzo kipo.

Chukua mfano wa steshenari ya Mafiati yenye DeskJet 2130. Nyeusi ya HP 123 imejazwa, inachapa kurasa kumi za mtihani, inasimama. Wakiitoa nyeusi, ujumbe unatoweka. Kwa hiyo printa na katriji ya rangi ni nzima. Wakiigeuza nyeusi, wanakuta utando mweusi kuanzia kichwani hadi vidoti vya chini. Wanasafisha, inafanya kazi, kurasa ishirini mbele inakataa tena.

Sasa swali ni kwamba aliyejaza aliweka kiasi gani. Katriji ya kawaida ya 123, isiyo XL, imetengenezwa kwa kurasa karibu 120 tu, na sponji yake haishiki wino mwingi. Akisukuma mililita 8 au 10, sponji haiwezi kuuzuia na wino unashuka wenyewe. Dawa: ingiza sindano kwenye tundu la kujazia, vuta mililita moja moja, kisha iweke katriji kichwa chini juu ya tishu iliyokunjwa (hapa tishu inafaa, maana ni ya kunyonya) kwa dakika chache. Tishu ikiacha kulowa zaidi ya alama ya kichwa, futa vidoti na pini, subiri zikauke, rudisha. Hapo ndipo ujumbe unaondoka moja kwa moja.

Nijaze kiasi gani ili nisifike huko?

Kwa nyeusi ya kawaida, mililita 3 hadi 5 zinatosha, zikisukumwa polepole, sindano ikiwa imezama kwenye sponji. Kwa ya rangi, mililita 1.5 hadi 2 kwa kila chumba. Ukiona wino unapanda kwenye tundu, simama na uvute kidogo, hata kama hujafikisha kiasi. Usizibe matundu ya hewa kabisa: bila hewa kuingia, wino hautashuka na kichwa kitachapa kikavu.

Katriji zilizojazwa Dar zinafika Mbeya zimevuja. Ni usafirishaji mbaya?

Usafirishaji una mchango, lakini mwinuko nao una sehemu yake. Mbeya mjini ipo kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Katriji iliyojazwa pwani na kuzibwa kwa selotepu hubeba viputo vya hewa ya pwani ndani ya sponji. Basi linapopanda Kitonga na kuendelea, viputo hivyo hutanuka na kusukuma wino utoke kwa njia iliyopo, nayo ni kichwa. Unafungua mfuko, unakuta vidoti vimeoga.

Ukiagiza kutoka Dar, omba zisijazwe hadi juu, na zisafirishwe kichwa kikitazama juu. Zikifika, fungua matundu ya hewa kwanza, ziache zikae juu ya tishu nusu saa, safisha vidoti, ndipo uziweke. Bora zaidi, jazia hukuhuku.

Mwezi wa sita na wa saba kuna jambo jingine, hasa Njombe na Makete. Printa iliyolala kwenye chumba cha baridi kali ikipata ghafla joto la jiko au la watu wengi, unyevu huweza kutanda kama umande juu ya shaba na kuleta ujumbe uleule. Iache ifikie joto la chumba kabla ya kuiwasha.

## Kichwa kilichokufa

Nitajuaje kwamba kichwa kimeungua na siyo uchafu?

Katriji za aina hii hurusha wino kwa joto. Kila tundu la kichwa lina hita ndogo mno inayochemsha wino kwa sekunde ndogo sana hadi kiputo kisukume tone nje. Wino huohuo ndio unaoipoza hita. Ukiendelea kuchapa wino umeisha, hita zinafanya kazi kavu na kuungua, na printa ikipima inakuta njia zimekatika. Ndiyo maana katriji iliyochapishwa hadi karatasi nyeupe, kisha ikajazwa kesho yake, mara nyingi hukataliwa ingawa ilikuwa inatambuliwa jana.

Jaribu hivi. Gusisha kichwa kwenye tishu yenye unyevu kidogo kwa sekunde chache. Nyeusi ikiacha mstari mmoja mzito, au ya rangi ikiacha mistari mitatu, wino unatoka vizuri. Kama wino unatoka, vidoti na pini ni safi, na bado printa inakataa, iweke katriji hiyo kwenye printa nyingine ya aina ileile. Ikikataliwa na huko, kichwa kimekufa na hakuna dawa. Ikikubaliwa, rudi kwenye pini za printa yako.

Kinyume chake, printa ikiitambua lakini ikatoa karatasi nyeupe, hilo ni kuziba, siyo kutotambuliwa. Simamisha kichwa tu kwenye maji ya uvuguvugu kina cha milimita chache kwa dakika mbili au tatu, kausha, jaribu. Vidoti visiguse maji.

Katriji moja inaweza kujazwa mara ngapi?

Hakuna namba ya kuahidi. Kinachoamua ni kama ilijazwa kabla haijakauka. Ijaze maandishi yanapoanza kufifia, usingoje yapotee. Anayeniletea katriji iliyokaa mtupu miezi mitatu kabatini ananiletea ganda tu, na afadhali aambiwe hivyo kabla hajalipia wino.

## Ukanda, lebo na katriji mbadala

Ndugu yangu ameniletea katriji mpya kutoka Ulaya, orijino kabisa, lakini inakataliwa. Ni feki?

Huenda ni orijino kweli. HP na Canon huuza katriji zinazofanana umbo kwa namba tofauti kulingana na ukanda, na utambulisho wa ukanda umo ndani ya katriji. Ile inayouzwa kwetu kama HP 123 ina ndugu yake Ulaya aitwaye 302, na Marekani 63. Kwa Canon, PG-445 yetu inalingana na PG-545 ya Ulaya na PG-245 ya Marekani. Zinaingia kwenye kibebeo na kukaa vizuri, lakini printa husoma utambulisho na kukataa. Kusafisha hakusaidii. Kabla ya kumwagiza mtu, soma namba iliyo kwenye kibandiko ndani ya mlango wa katriji na umtumie picha yake.

Nimenunua "HP 123 mbadala" mpya ya bei nafuu. Kwa nini haisomi?

Kichwa cha kuchapia ni kigumu kuiga, hivyo karibu kila 123 au 652 ya kampuni nyingine ni ganda la orijino lililokusanywa, likasafishwa, likajazwa na kubandikwa lebo mpya. Ganda likiwa lilizaliwa 302, lebo ya 123 hailibadilishi. Na likiwa lilichapwa kavu kabla ya kukusanywa, lilikuja limekufa. Muuzaji mzuri anakubali ijaribiwe dukani kwenye printa yako. Mwanjelwa au Mashine Tatu, beba printa yenyewe, ni nyepesi.

Tofautisha pia mbadala na feki. Mbadala inataja jina lake na kusema inafaa printa fulani. Feki inavaa boksi na nembo ya kampuni isiyoitengeneza. Hiyo ni bidhaa bandia, na anayeshughulika nazo ni Tume ya Ushindani, FCC.

## Printa zenye chipu na apdeti

Printa ya ofisi ilikuwa inakubali katriji mbadala miezi yote, leo imekataa zote kwa pamoja. Nini kimetokea?

Hapa ndipo kampuni kweli inahusika. Zikikataliwa zote siku moja, na ujumbe ukitaja `non-HP chip`, programu ya ndani ya printa imepata apdeti inayotambua chipu zisizo za HP. HP huuita mfumo huo `Dynamic Security`. Tukio linalokumbukwa zaidi ni la tarehe 13 Septemba 2016, ambapo printa nyingi za OfficeJet duniani zilikataa katriji mbadala kwa siku moja. Baada ya malalamiko, HP ilitoa programu isiyo na kizuizi hicho kwa baadhi ya modeli.

Kwa mujibu wa HP wenyewe, mfumo huo unalenga chipu, siyo wino. Katriji iliyojazwa upya ikiwa na chipu ya HP iliyotumika haizuiwi nao. Kwa hiyo, kwa ofisi yenye 953, kujaza maganda yake yenyewe ni salama kuliko kununua mbadala zenye chipu ya kuiga. Ukilazimika kununua mbadala, muulize muuzaji kama chipu ni toleo jipya na kama atabadilisha ikikataliwa. Stoo iliyokaa mwaka mzima ina chipu za zamani.

Nazuiaje apdeti?

Kwenye menyu ya printa tafuta `Printer Maintenance`, kisha `Update the Printer`, na uzime apdeti za kujiendesha. Majina hutofautiana kidogo kwa modeli. Unapoweka programu ya printa kwenye kompyuta, usikubali apdeti bila kusoma. Printa ya waya wa USB tu haiwezi kujiapdeti bila kupitia kompyuta. Gharama yake ni kwamba printa iliyo kwenye mtandao hukosa pia marekebisho ya usalama, kwa hiyo ofisi yenye nyaraka nyeti ilipime hilo.

Uamuzi huu una maana kabla ya kizuizi. Apdeti ikishaingia, modeli nyingi haziruhusu kurudi nyuma.

Ni wakati gani hakuna njia kabisa?

Hali tatu. Printa iliyosajiliwa kwenye mpango wa HP+ hukubali wino wa HP pekee na inataka intaneti. Nyingi zina herufi `e` mwishoni mwa jina la modeli, kwa hiyo soma boksi kabla ya kununua na usikubali usajili huo usipouhitaji. Ya pili ni katriji za usajili wa mwezi, `Instant Ink`: usajili ukikatika, zinazimwa kwa mbali hata zikiwa na wino. Ya tatu ni katriji iliyofungwa kwa `Cartridge Protection`. Ikishatumika kwenye printa yenye ulinzi huo, imefungwa kwa printa hiyo moja daima, na kuzima ulinzi baadaye hakuifungui. Unaponunua maganda matupu ya 953 kutoka ofisi nyingine, hili ndilo la kuuliza kwanza.

Na Epson?

Epson yenye katriji ina chipu inayohesabu hadi sifuri na kusimama, hata wino ukiwepo. Kujaza bila kubadilisha au kurudisha chipu mwanzo ni kazi bure. Zipo chipu za kujirudisha zenyewe na vifaa vidogo vya kuzirudisha, vikilingana na modeli.

Epson za matangi, kama L3110 na L3250, hazina katriji wala chipu ya wino, hivyo ujumbe huu hauzihusu. Zikisimama na taa zinawaka kwa zamu, chunguza pedi ya wino taka, ambayo ni habari nyingine.